Penseli ya Kabula

Jioni ya kuamkia mtihani wa darasa la saba. Mzee Masunga ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, anachonga penseli ya bintiye kwa kisu. Anachonga taratibu, anapuliza vumbi, anaijaribu ncha kwenye ukucha. Kabula, mwenye miaka 14, amechuchumaa pembeni akimtazama.

KABULA: Itavunjika, baba.

MASUNGA: Haivunjiki. Mimi nilikuwa nachonga mishale nikiwa mdogo kuliko wewe. (Anampa penseli.) Kesho utaweka kivuli pasipo pake.

KABULA: Maswali yote?

MASUNGA: Matatu manne yapatie. Wasije wakashtuka.

Mchezo unaanza hapo. Ni mchezo mfupi wa dakika 20, wa wahusika watano, na nimeutunga ili msomaji auone ukijengwa kipande kwa kipande. Umekusudiwa kuchezwa chini ya mwembe, mbele ya wazazi ambao baadhi yao wana mabinti darasa la saba. Nimeuweka Usukumani, ambako ng'ombe wa mahari ni jambo la ukoo mzima, lakini wanaotoka mikoa mingine watayatambua mengi.

Kwanza hiyo penseli. Aliyefanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi Tanzania anaijua: ni ya HB, na kazi yake ni kuweka kivuli kwenye herufi ya jibu sahihi katika karatasi inayosomwa na mashine. Kwa hiyo mtoto anayetaka kufeli hahitaji kujifanya mjinga mbele ya mtu yeyote. Anaweka kivuli kwenye A badala ya C, na basi. Habari za wazazi kuwaagiza mabinti wafeli kwa makusudi zimesikika miaka mingi, na walimu wanazifahamu. Mtoto aliyekuwa akiongoza darasani toka la tano, ghafla matokeo yake yanakuwa ya chini kuliko ya mtoro.

Kwa nini afelishwe, asiachishwe tu shule? Kwa sababu ya sheria. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayeoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, au kumpa mimba. Mwanafunzi amewekewa ukuta mrefu. Lakini aliyefeli darasa la saba si mwanafunzi tena, na upande wa pili wa ukuta inamngoja Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo kifungu chake cha 13 kilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa, wazazi wakiridhia. Mwanasheria Rebeca Gyumi alikipinga mahakamani. Mahakama Kuu ikampa ushindi mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hukumu hiyo Oktoba 2019. Hata hivyo, posa haianzii mahakamani. Inaanzia kwenye kigoda, na mzazi anayemwagiza mtoto akosee maswali anajua vizuri ukuta umeishia wapi. Ndiyo maana nimeanza mchezo na mtihani, wala sikuanza na mshenga akibisha hodi. Mshenga akishafika, mengi yamekwisha kuamuliwa.

Kazi ya kutumia maigizo kwa namna hii ina historia yake kwetu. Mwaka 1982 na 1983, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, Kwimba. Hawakwenda na mchezo mkononi. Walikaa, wakauliza, wakaacha wanakijiji wenyewe waseme kinachowasumbua, na mimba za wasichana zikawa miongoni mwa yaliyotajwa. Kisha mambo hayo yakaigizwa na watu wa palepale, kwa ngoma zao. Mwaka 1996 walimu hao wawili wakaanzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari, na humo wasichana wenyewe ndio walifanya uchunguzi, wakatunga, wakaigiza mbele ya walimu na wazazi. Baadaye shirika la FAWE, ambalo Mlama alikuja kuliongoza, lilieneza njia hiyo katika nchi nyingine za Afrika.

Jina Tuseme linabeba siri ya kazi yenyewe: anayesema ni yule jambo linamhusu. Kundi likitoka mjini na mchezo uliokwisha kukaririwa, litapata makofi na soda, kisha watu watarudi kwenye mazungumzo yao.

Nirudi kwa Masunga. Rasimu ya kwanza ya michezo ya namna hii karibu zote zina baba mmoja. Ameshika fimbo, amelewa, anafoka, na mahari anataka akanywee pombe. Kumwandika baba huyo ni rahisi, na kumwigiza kunafurahisha. Tatizo lake ni kwamba hakuna baba anayejiona ndani yake. Wazee waliosimama nyuma wameegemea baiskeli watacheka kuliko wote, kwa sababu kila mmoja anamfahamu mlevi mmoja mtaa wa pili, na mlevi huyo si yeye. Mchezo umewapa ruhusa ya kutokuwemo.

Baba anayechonga penseli kwa upendo huku akiomba jambo baya hawaachi hivyo. Kila mzee pale amewahi kumchongea mtoto kitu. Hapo ndipo kicheko kinapokatika, na mwigizaji makini atakisikia kinavyokatika.

Sehemu ya pili inatukuta matokeo yametoka. Mgogoro wa familia unasimama au unaanguka hapa, na kipimo changu ni kimoja: kila anayezungumza awe na hoja ambayo mtu mwenye akili timamu angeweza kuitoa.

MAMA SHIJA: Jina lake limebandikwa shuleni. Watu wameliona.

MASUNGA: Kabula, nilikwambia nini?

KABULA: Nilianza hivyo, baba. La kwanza nikakosea, la pili nikakosea. La tatu lilikuwa rahisi mno. Mkono ukakataa.

MASUNGA: Mkono ukakataa. (Kimya.) Mitamba wawili wa kishika uchumba nimepokea. Mmoja nimeshamuuza. Bibi yako alipolazwa, alilipa nani?

SHIJA: Na mimi nitaoa kwa kitu gani? Wenzangu wana watoto wawili wawili.

MAMA SHIJA: Miaka yote nalima pamba shamba hili, sijauliza fedha imekwenda wapi. Leo nauliza.

MASUNGA: Uliza na njia basi. Kilomita tisa kwenda, tisa kurudi. Vijana wa bodaboda wamejipanga darajani kama kunguru. Binti wa jirani alipita njia hiyohiyo, akarudi na tumbo. Wewe ulikuwa mtu wa kwanza kusema wazazi wake hawakumlinda.

Tazama kilichotokea. Masunga hakusema neno baya juu ya elimu. Anaogopa njia, na njia kweli ni ndefu. Shule nyingi za kata zipo mbali na vitongoji, na wanaoshindwa kutembea hupanga chumba karibu na shule, wanachokiita geto, mtoto wa miaka 14 akijipikia peke yake bila mtu mzima wa kumwangalia. Tena ana deni. Mtamba aliyeuzwa alikwenda hospitali, hakwenda kilabuni. Ada ya sekondari ilifutwa kuanzia mwaka 2016, ila sare, viatu, madaftari na chakula vimebaki mikononi mwa mzazi. Shija naye si mtoto mchoyo. Katika familia nyingi za wafugaji ng'ombe wanaoingia kwa dada ndio wanaotoka kwa ajili ya mke wa kaka, na kumnyima dada ndoa ni kumwahirisha kaka yake.

Mwandishi akifika hapa hushikwa na tamaa ya kutafuta njia ya mkato. Ninazijua mbili, na zote nimezikataa.

Ya kwanza ni gari la serikali. Baba amekaza, mama analia, mara mtendaji wa kijiji anaingia na mgambo, anasoma kifungu cha sheria, baba anatiwa pingu, ngoma inalia. Sheria ipo na ina kazi yake, na mtoto aliye hatarini leo anahitaji mtendaji, si mchezo wa kuigiza. Ila jukwaani pingu humaliza mabishano kabla hayajajibiwa. Njia bado ni kilomita tisa, mtamba bado hajalipwa, na wazazi wanaotazama wamejifunza jambo moja tu, kwamba wafanye mambo yao kimyakimya zaidi.

Ya pili ni risiti. Baba anakaribia kudhulumiwa kilo za pamba kwenye mzani, binti anasoma karatasi, anagundua wizi, baba anamkumbatia: kumbe elimu ni mali! Hii hupendwa sana, na watoto huiigiza kwa raha. Mimi inanikera. Aliyemaliza darasa la saba anajua kusoma risiti, kwa hiyo haitetei sekondari hata kidogo. Halafu inamfanya binti astahili shule kwa kuwa ameokoa fedha za baba. Je, yule ambaye baba yake halimi pamba?

Badala ya njia hizo, mchezo unasimama. Mwendeshaji anaingia katikati ya duara, waigizaji wanaganda kama walivyo, naye anawageukia wazazi: nyumba imefika hapa, nani ana neno? Mbinu hii ilipata umaarufu kupitia Mbrazili Augusto Boal, aliyeisimulia kuwa ilizaliwa Peru mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watazamaji walikuwa wakitoa ushauri na waigizaji wakiutekeleza, mpaka mama mmoja aliyeona ushauri wake haueleweki akapanda jukwaani akaufanya mwenyewe. Kwa hiyo mtu anayesema “mama angemwambia hivi” haachwi aseme akiwa amekaa. Anaitwa, anafungwa kitenge cha Mama Shija, anasimama mbele ya Masunga, na Masunga anamjibu kwa hoja zake zote bila kumhurumia. Ushauri uliokuwa mtamu kutoka kwenye kivuli cha mwembe mara nyingi huishiwa nguvu kwenye jibu la pili. Wasikilizaji wanaona wenyewe palipo pagumu.

Mwendeshaji ana kazi ngumu hapa, maana wanaonyoosha mikono kwanza ni walewale wanaosema kila mkutano. Awangoje wengine. Akimwona bibi anayetikisa kichwa mstari wa tatu, huyo ndiye wa kumfuata. Na mtu akisema “mimi ningemwoza tu, kelele zote za nini”, asizomewe. Avae koti la Masunga, acheze. Mawazo ya watu wengi waliokaa kimya ni yake, na afadhali yasikike hadharani yajibiwe.

Baada ya hapo mchezo unaendelea na sehemu ya tatu. Anaingia Shangazi Minza, dada yake Masunga, anayeishi hatua chache kutoka shule ya sekondari. Nimemchagua shangazi kwa sababu ana haki ya kusema mahali ambapo mama angeambiwa amevuka mpaka, na kwa sababu naye huwa na fungu lake katika mahari. Ngolo, anayetajwa, ni dada mkubwa wa Kabula aliyeozwa mapema.

MINZA: Kaka, ng'ombe wa Ngolo wako wapi?

MASUNGA: Unajua walipo.

MINZA: Najua. Walikuja kumi. Ndoa ikavunjika, saba wakarudi kwao, na Ngolo yuko humu ndani na watoto wawili. Mmoja nilikula mimi, nakiri. Nyama imekwisha mdomoni, mzigo umebaki kwako.

MASUNGA: Huyu si Ngolo.

SHIJA: (Polepole.) Baba, nikioa kwa ng'ombe wa Kabula, halafu wakadaiwa kama wale wa Ngolo, nitawatoa wapi? Nimrudishe mke wangu?

Sentensi ya Shija ndiyo bawaba ya mchezo. Haikutoka kwenye semina. Imetoka ndani ya hesabu ileile ya mahari ambayo baba anaiamini: ndoa ya mtoto mdogo ikivunjika, ng'ombe wanadaiwa, na wakidaiwa wanavuta na ndoa ya kaka. Aliyekuwa akidai ndoa ya dada yake ameanza kuiogopa, wala hakuna aliyemhubiria. Mwigizaji wa Shija aiseme kama mtu anayehesabu, asiiseme kama mtu aliyeokoka.

MINZA: Mtoto akae kwangu. Jumatatu mpaka Ijumaa yuko machoni pangu, Ijumaa jioni anakuja kukusaidia. Kuni atanichotea, sitamfanya mtumishi.

MASUNGA: Na akipata mimba kwako?

MINZA: Nitakuita. Na utakuja.

MASUNGA: Na mtamba niliyeuza?

MAMA SHIJA: Aliye zizini arudi kesho asubuhi, wewe mwenyewe umpeleke. Wa pili tuombe mpaka msimu ujao wa pamba. Shamba la bondeni ni langu. Nitalitoa kwa deni hilo.

Swali la mimba limejibiwa kwa ufupi kwa makusudi, kwa kuwa watazamaji watalirudia mchezo ukiisha, na hapo mwendeshaji awe na majibu. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu mwanafunzi aliyeacha masomo kwa ujauzito arudi shule baada ya kujifungua, wakati kanuni za mwaka 2002 zilikuwa zikitumika kumfukuza. Wazazi wengi vijijini bado wanazungumza kana kwamba mlango ule umefungwa, na hofu hiyo ndiyo inayowafanya waone ndoa ya haraka ni bora kuliko bahati nasibu ya shule.

Sasa tumaini la mchezo huu limegharimu kitu, na kila mmoja amechangia. Masunga atabeba aibu ya kumrudisha mtamba mchana kweupe. Mama ametoa shamba lake, Shija misimu miwili ya kungoja, Minza chumba na lawama zitakazokuja. Hakuna kilichoshuka kutoka mbinguni, na mzazi anayetazama anaweza kwenda nyumbani akahesabu: mimi Minza wangu ni nani? Wengine hawana. Mchezo hauwezi kujenga bweni wala kufupisha njia, na kundi likiondoka bila kuliandika jambo hilo na kulipeleka kwenye serikali ya kijiji, limefanya nusu ya kazi. Mahali penye njia ndefu, mazungumzo baada ya mchezo yaishie kwenye majina: nani atawasindikiza watoto asubuhi, nani ana chumba, nani atamwona mwalimu mkuu.

Wakati wa kuuonyesha nao una maana. Mtihani hufanyika Septemba. Pamba huuzwa miezi ya kiangazi kabla ya hapo, fedha zipo mkononi, sherehe zimeshamiri na washenga wako njiani. Mchezo ukipelekwa Agosti, makubaliano mengi bado ni maneno. Ukipelekwa Novemba, umefika msibani. Na kigoda cha Masunga kisiwekwe katikati kabisa ya duara, kisogezwe upande wa wanaume waliosimama nyuma, asikike anavyopuliza vumbi la penseli.

Jambo moja lisifanyiwe mzaha. Wasichana wanapokusanya visa vya kutunga mchezo, visa hivyo ni vya watu wanaoishi palepale. Idadi ya ng'ombe, kazi ya mchumba, mto uliopo njiani, vyote vibadilishwe mpaka hakuna nyumba inayoweza kunyooshewa kidole. Msichana ambaye kisa ni chake asipewe nafasi ya Kabula hata akiiomba kwa machozi, kwa sababu usiku ule ule atalala katika nyumba aliyoisema. Ampe mwingine, yeye apige ngoma. Siku zinazofuata mwalimu amtupie jicho: akikosa shule siku mbili mfululizo baada ya onyesho, aulizwe nyumbani kwao mapema.

Dalili nyingine ya hatari ni nyepesi zaidi, na hutokea mazoezini. Ukimweka mchumba jukwaani, apewe kijana mcheshi, avae miwani myeusi na kuigiza mlio wa pikipiki, watoto watamshangilia yeye na kesho yake watamwiga njiani. Ndiyo maana katika mchezo wangu mchumba haonekani. Kinachoonekana ni kamba ya mtamba, imetundikwa kwenye mti tangu mwanzo.

Mwishoni Masunga anaishusha kamba hiyo, anaizungusha mkononi, anaiweka begani kwa safari ya kesho. Kisha anakaa kwenye kigoda. Kabula amesimama na begi la kwenda kwa shangazi yake. Baba anatoa kisu mfukoni.

MASUNGA: Lete hiyo penseli niichonge.

KABULA: Sekondari tunaandika kwa kalamu ya wino, baba.

Masunga anakitazama kisu. Mwigizaji asikifunge haraka. Angoje watu wacheke mpaka wamalize, halafu ndipo aanze kutafuta mfukoni kama ana mia mbili ya kalamu.